Soma kitabu cha mwongozo wa PMP kabla hujalipia mtihani

Watu wengi wanaoomba mtihani wa PMP, cheti cha wasimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani, hufungua kitabu cha mwongozo wakati tatizo limeshatokea na pesa imeshakatwa kwenye kadi. Kisome kabla ya kulipa. Kazi yenyewe haizidi saa moja, kwa sababu kurasa zinazogusa pesa yako ni chache.

Pakua `PMP Certification Handbook` kutoka tovuti ya PMI yenyewe. Usitumie nakala iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyeituma alifaulu. Masharti na ada hubadilika, kwa hiyo angalia kwanza tarehe ya toleo. Takwimu ninazotoa hapa zimetumika kwa miaka kadhaa. Zilinganishe na toleo ulilonalo. Kisha tafuta maneno haya moja baada ya jingine ndani ya faili:

```
eligibility
re-examination
reschedule
forfeit
refund
```

Anza na sifa za mwombaji, maana hapo ndipo hesabu huwadanganya watu. Mwenye shahada anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36, na asiye na shahada miezi 60. Wote wawili wawe na saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Miezi inayogongana huhesabiwa mara moja tu. Chukua mhandisi mwenye shahada aliyeongoza ujenzi wa kisima kuanzia Januari 2020 hadi Desemba 2021, yaani miezi 24. Mradi wake wa pili, ukarabati wa shule, ulianza Julai 2021 ukaisha Juni 2022, miezi 12. Akijumlisha anapata 36 na kufurahi. Lakini Julai hadi Desemba 2021 alikuwa kwenye miradi yote miwili, kwa hiyo miezi inayokubalika ni 30, na bado anadaiwa sita. Chora kalenda ya miezi kwenye karatasi, weka alama kila mwezi uliokuwa na mradi, kisha hesabu alama. Weka pia jina la mtu atakayethibitisha kila mradi, kwa sababu baadhi ya maombi huchaguliwa kukaguliwa, na hapo utahitaji saini za waliokusimamia. Kama bosi wako wa zamani hapatikani, ni heri ulijue hilo sasa.

Sehemu ya pili ni kurudia mtihani. Ombi likikubaliwa unapewa mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo unaweza kuufanya mtihani mara tatu. Kila marudio yana ada yake, ndogo kuliko ya kwanza lakini bado nzito. Ukishindwa mara zote tatu, unasubiri mwaka mzima kuanzia siku ya mtihani wa mwisho ndipo uombe upya. Wengi hukariri hiyo "mara tatu" wakasahau mwaka. Ukipanga mtihani wa kwanza mwezi wa kumi na moja tangu ombi likubaliwe, nafasi mbili zilizobaki zina wiki chache tu za kutumika, na huwezi kusoma upya kwa wiki chache. Mimi ningeweka mtihani wa kwanza kabla ya mwezi wa sita wa mwaka huo.

Tatu, gharama za kubadilisha tarehe. Tuseme mtihani wako ni tarehe 30 Juni. Ukiahirisha au kughairi mapema, zikiwa zimebaki zaidi ya siku 30, hulipi kitu. Ukiingia ndani ya siku 30, unatozwa dola 70. Zikibaki siku mbili au chini ya hapo, au usipotokea kabisa, ada yote inapotea, na ukitaka kurudi unalipa ada ya marudio. Ugonjwa au msiba wa familia hufikiriwa ukiwasilisha vielelezo haraka, lakini safari ya kikazi haimo. Kwa hiyo kama ofisi yako hutuma watu mikoani kwa taarifa ya siku moja, ombea ruhusa tarehe hiyo kwa maandishi kabla hujaichagua, na weka kwenye simu kikumbusho cha siku ya 35 kabla ya mtihani.

Mwisho tafuta habari za kurudishiwa pesa. Kuacha kabisa si sawa na kughairi tarehe: kughairi kwenye kituo cha mtihani hakukurudishii ada. Unatakiwa uiandikie PMI angalau siku 30 kabla mwaka wako haujaisha, na wao hubakiza dola 100. Kama ombi lako lilikubaliwa tarehe 1 Machi, barua hiyo iwe imefika kabla ya tarehe 29 Januari.