Pesa Zikiingia Akaunti Isiyokusudiwa: Jinsi ya Kuiomba Benki Izirejeshe

Hivi majuzi nilimsaidia shemeji yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, kufuatilia shilingi 84,500 alizokusudia kumlipa muuzaji wa mabati wa Nakuru. Nambari ya akaunti iliishia 4718, lakini iliandikwa 4178, na pesa zikaingia kwenye akaunti ya mtu asiyemjua katika benki nyingine.

1. Tambua njia uliyotumia. PesaLink hufikisha pesa papo hapo, kwa hiyo hakuna cha kusimamisha njiani. Malipo ya EFT hukusanywa na kutumwa kwa mafungu, na ukiwahi kabla fungu halijatoka, benki yako inaweza kuyazuia.

2. Ipigie simu benki yako, wala si ya mpokeaji, na udai nambari ya lalamiko.

3. Andika barua siku hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi hukwama. Simu pekee haitoshi, kwa sababu afisa anayeshughulikia malipo huhitaji maagizo yenye saini ya mwenye akaunti ndipo aiandikie benki ya pili. Taja kiasi, tarehe, saa, nambari ya marejeleo ya muamala, nambari uliyoandika, na chini yake nambari uliyokusudia, ili tofauti ionekane mara moja. Ambatisha ankara ya muuzaji, kwani ndiyo inayothibitisha kwamba huyo mwingine hakuwa akikudai wala hukumlipa kwa hiari. Mimi husisitiza risiti iliyopakuliwa kutoka kwenye programu ya benki. Picha ya skrini mara nyingi hukata nambari ya marejeleo, na bila hiyo benki ya pili haiwezi kuupata muamala kwa urahisi. Omba mambo mawili waziwazi: kwanza pesa zizuiwe zisitolewe, kisha mwenye akaunti aombwe ridhaa ya kuzirudisha. Ukiomba urejesho tu, anaweza kuzitoa zote wakati ombi lingali linasubiri jibu. Peleka nakala mbili tawini, na urudi na moja iliyogongwa muhuri.

4. Subiri ridhaa ya mpokeaji. Benki yake kwa kawaida haitakata pesa kwenye akaunti ya mteja bila idhini yake au amri ya mahakama, wala haitakupa jina lake, maana inabanwa na wajibu wa kutunza siri za wateja. Yule wa 4178 alikubali alipopigiwa simu na benki yake.

5. Akikataa au akiwa amezitumia, ripoti polisi upate nambari ya OB. Wapelelezi wanaweza kuomba amri ya mahakama ili benki itoe maelezo ya akaunti hiyo. Ukishamjua mhusika, dai lisilozidi shilingi 1,000,000 unaweza kulifungua katika Mahakama ya Madai Madogo, ukiambatisha ile nakala yenye muhuri na majibu yote ya benki.