Somo: Namna ya kuandika hati ya mawanda ili kazi isivimbe njiani

"Taarifa za bidhaa zitahamishiwa kwenye mfumo mpya." Ukiiacha sentensi hiyo bila maelezo mengine kwenye hati ya mawanda, yaani hati ya makubaliano inayosema nini kimo ndani ya mradi na nini hakimo, umeshapanda ugomvi. Mteja akiisoma anaona bidhaa zote, za sasa na za zamani, zimesafishwa, zimepangwa na zimeingia. Fundi wa mfumo anaona faili moja atakayoipakia mchana mmoja. Wote wawili wanasaini kwa nia njema, na tofauti yao inajitokeza wiki ya 6, muda ukiwa umeshaliwa.

Somo hili ni la sehemu tatu ambazo watu huzijaza harakaharaka mwishoni mwa hati: visivyohusika, vikwazo na dhana. Nitatumia mradi mmoja wa mfano. Kampuni yenye stoo tatu inataka kuachana na madaftari na faili za Excel, iwe na mfumo mmoja wa kufuatilia bidhaa. Kazi imepangiwa wiki 10.

Hatua ya 1: Vitu vya kukabidhi

Huwezi kusema kipi kimo nje kabla hujasema kipi kimo ndani. Andika vitu, usiandike shughuli. "Kufunga mfumo" ni shughuli. "Mfumo unaotumika kwenye stoo zote tatu, wenye kurasa za kupokea, kutoa na kuhesabu bidhaa" ni kitu cha kukabidhi. Kila kitu kiwe na kigezo cha kukipokea, ambacho hata mtu asiyehusika na mradi anaweza kukipima: "Mtunza stoo anaingiza mzigo wa bidhaa 20 bila msaada wa timu, na salio linabadilika papo hapo." Bila kigezo kama hicho kazi haiishi, maana hakuna mwenye haki ya kutamka kwamba imekwisha.

Hatua ya 2: Visivyohusika

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Nimeshasoma hati zilizoandikwa "mradi hautahusisha ujenzi wa stoo mpya". Nani alidhani utahusisha? Sentensi hiyo haimkingi mtu yeyote. Kisichohusika kinastahili kuandikwa pale tu ambapo mtu mwenye busara angeweza kudhani kimo.

Vitu vya namna hiyo hupatikana sehemu tatu. Ya kwanza ni pembezoni mwa kila kitu cha kukabidhi: nini kinatangulia, nini kinafuata, nini kinafanyika sambamba nacho? Kabla ya kupakia orodha ya bidhaa kuna kuisafisha. Baada ya mfumo kuanza kuna kuwahudumia wanaoutumia. Ya pili ni maneno yaliyopita kwenye vikao kwa sauti ya chini, kama "ingependeza pia kama tungeona kwenye simu", kisha mtu akaitikia kwa kichwa na mazungumzo yakaendelea. Kule kuitikia kwa kichwa mwenzako amekuhesabu kuwa ni ahadi.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi: kile ambacho njia ya zamani inakifanya bila kutajwa na mtu. Nenda stoo, omba daftari, fungua kurasa za nyuma. Mara nyingi utakuta mtunza stoo ameandika humo vifaa alivyowaazima wafanyakazi: drili, ngazi, jina la aliyechukua, siku ya kurudisha. Hakuna aliyeyataja hayo kikaoni kwa sababu si "bidhaa". Lakini siku daftari likiondolewa, swali la kwanza litakuwa: na walioazima tunawaandika wapi? Amua sasa. Liingie au liandikwe kwamba halimo.

Katika kuandika, taja kitu chenyewe, mpaka wake, na nani atakifanya badala yenu. "Kuunganisha na mifumo mingine hakumo" ni sentensi butu. Iandike hivi: "Mfumo hautatuma taarifa moja kwa moja kwenye mfumo wa uhasibu. Utatoa faili ya CSV kila mwisho wa mwezi, na idara ya uhasibu itaipakia yenyewe." Mhasibu akiisoma hiyo atakuja kwako siku hiyohiyo kama haimfai, na hapo bado mna nafasi ya kuzungumza.

Hatua ya 3: Vikwazo

Kikwazo ni jambo ambalo tayari ni kweli na timu haina mamlaka ya kulibadilisha. Kwenye mfano wetu, mfumo lazima uanze kabla ya hesabu ya bidhaa ya mwisho wa mwaka. Mhasibu anapatikana Jumanne na Alhamisi tu. Kompyuta ni zilezile zilizopo stoo. Kila kikwazo kifuatishwe na "kwa hiyo": kwa hiyo ripoti za thamani ya bidhaa zitajaribiwa siku hizo mbili pekee, na jaribio likikwama Alhamisi linasubiri Jumanne. Kikwazo kisicho na "kwa hiyo" hakimsaidii anayepanga ratiba.

Hatua ya 4: Dhana

Watu huchanganya dhana na vikwazo. Jiulize: nani amelithibitisha jambo hili? Kama kuna jibu lenye ushahidi na jambo lenyewe linawabana, ni kikwazo. Kama jibu ni "tunaamini hivyo", ni dhana, yaani jambo mnalolichukulia kuwa kweli ili mpango usimame.

Dhana iliyokamilika inasema jambo lenyewe kwa kipimo, nani atalithibitisha, lini, na nini kitafuata likionekana si kweli. Mfano:

"Tunachukulia kwamba orodha ya bidhaa haizidi mistari 2,400, iko kwenye faili moja, na kila bidhaa ina namba moja. Msimamizi wa stoo atathibitisha ifikapo mwisho wa wiki ya 2. Ikiwa si hivyo, wafanyakazi wa stoo wataisafisha, au mteja atasaini ombi la mabadiliko kabla timu haijaanza kupakia."

Sasa tuone inavyofanya kazi. Wiki ya 2 zinakuja faili tatu badala ya moja, zenye mistari 3,100 kwa jumla. Bidhaa ileile inaitwa "boliti M10" stoo moja, "boliti 10 mm" stoo nyingine, na "boliti kubwa" ya tatu. Msiingie kwenye mabishano; pimeni. Chukueni mistari 100 bila kuchagua, kisha kila mmoja utafuteni kwenye faili zote tatu. Mkiutafuta ndani ya ile mia peke yake, marudio mengi yatawapita. Tuseme 22 imeonekana kuwa na tatizo. Kwenye orodha nzima hiyo ni takriban mistari 680, na kwa dakika 3 kila mmoja ni saa 34, zaidi ya siku nne za mtu mmoja.

Kwa namba hizo mteja anaweza kuchagua. Watunza stoo wasafishe wenyewe? Wanaweza, iwapo wataachiwa nafasi. Timu isafishe na tarehe isogee? Kikwazo cha hesabu ya mwisho wa mwaka kinakataa. Njia ya tatu ni kupakia tu bidhaa zilizopokelewa au kutolewa ndani ya miezi 12 iliyopita, na zilizolala zibaki kwenye faili zao. Mteja akichagua hiyo, bidhaa zilizolala zinaingia kwenye orodha ya visivyohusika, na hati inakuwa toleo 1.1. Dhana moja imeanguka, kikwazo kimeelekeza uamuzi, na kisichohusika kipya kimezaliwa, vyote vikiwa na saini.

Hatua ya 5: Saini na njia ya mabadiliko

Isomeni hati kwa sauti mkiwa pamoja na wale watakaoutumia mfumo, si wakubwa wao peke yao. Weka namba ya toleo na tarehe. Kisha ambatisha fomu ya ombi la mabadiliko ya ukurasa mmoja: kinachoombwa, anayeomba, siku zitakazoongezeka, kitakachosogezwa au kuondolewa, na anayeidhinisha.

---

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mteja wangu aliona orodha ya visivyohusika akasema tunakwepa kazi. Nifanyeje?

Jibu: Badilisha kichwa cha sehemu hiyo kiwe "Yatakayofanyika nje ya mradi huu", na mbele ya kila kimoja uandike nani atakifanya au kitafikiriwa lini. Kama bado kuna asichokubali, kiingize ndani na uonyeshe siku zake. Akilalamika kabla ya saini ni afadhali kuliko kulalamika wiki ya 8.

Swali: Mwongozo wa PMI, taasisi ya usimamizi wa miradi, toleo la 6, la mwaka 2017, unaweka dhana na vikwazo kwenye daftari la dhana, si ndani ya tamko la mawanda. Wewe umeviweka pamoja. Kwa nini?

Jibu: Umesoma sawasawa. Toleo la 5 lilivihesabu kuwa sehemu ya tamko, na la 6 likavitenga. Kwenye mradi mkubwa daftari la pekee lina maana, kwa kuwa dhana huongezeka kila wiki. Kwenye mradi wa wiki 10 naziweka kwenye hati moja, kwa sababu mteja husaini hati anayoiona. Ukizitenga, zile zinazobeba tarehe na gharama zibaki pia kwenye hati ya saini.

Swali: Sisi tunafanya kazi kwa awamu za wiki mbili mbili na orodha ya kazi inabadilika kila mara. Hati hii si itatufunga?

Jibu: Iandikeni kwa mpaka wa nje: lengo, visivyohusika, vikwazo, dhana. Ndani ya mpaka huo badilisheni mpendavyo, ila kinachoingia kitoe kinacholingana nacho kwa ukubwa. Anayetaka kuvuka mpaka wa nje ajaze fomu.

Swali: Na yale maombi ya "dakika tano tu"? Nikidai fomu naonekana mkorofi.

Jibu: Usidai fomu, ila yaandike yote kwenye orodha moja, hata unayoyafanya bure. Kuongeza kitufe ni dakika tano, lakini kukijaribu kwenye stoo tatu na kurekebisha maelekezo ya mtumiaji ni nusu siku. Kubalianeni mwanzoni kwamba kiongozi wa mradi anaweza kuidhinisha lolote lisilozidi nusu siku, na jumla yake isipite siku tatu kwa mradi mzima. Zikiisha, linalofuata lina fomu.

Swali: Vipi kama anayeongeza ni fundi wetu mwenyewe? Wetu alitengeneza ukurasa wa simu bila kuombwa, akaona anamfurahisha mteja.

Jibu: Hiyo nayo ni kazi kuvimba, na ni ngumu kuiona kwa sababu hakuna anayelalamika, mpaka ukurasa ule uharibike na mteja adai matengenezo. Wapeni mafundi orodha ya visivyohusika siku ya kwanza, na kila mapitio ya kazi yaulize: hiki kinahusu kitu gani cha kukabidhi? Ukurasa ulioshatengenezwa usiufiche. Umwonyeshe mteja, achague kuuingiza kwa ombi la mabadiliko lenye gharama ya kuutunza, au uondolewe kabla ya makabidhiano.