Kuomba hati ya kimila: namna ya kuandika maelezo ya mchoro wa shamba

Fomu ya kuomba hatimiliki ya kimila unaichukua kwa mtendaji wa kijiji. Sehemu kubwa ya fomu haisumbui: jina, umri, hali ya ndoa, ulivyoipata ardhi, matumizi yake. Kazi iko kwenye mchoro wa shamba. Huku Mufindi na Rungwe mashamba yamelala kwenye miteremko na mipaka inakata kona za ajabu. Mchoro wa kalamu ukitolewa fotokopi mara mbili tatu, namba ndogo zinafutika na mshale wa bluu hautofautiani tena na mstari wa mpaka. Isitoshe, maombi yanajadiliwa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, ambako mchoro haupiti mikononi mwa kila mjumbe. Kwa hiyo ambatisha ukurasa mmoja wa maelezo, ulioandikwa hivi kwamba anayesomewa aweze kulichora shamba bila kuuona mchoro wako.

Kabla ya kuandika, pita mipakani na majirani wote, na kila kona muikubali pamoja. Beba tepu ndefu na dira. Ya kwenye simu inatosha kwa mchoro wa mkono, ila usiisome ukiwa karibu na bati au pikipiki. Kwenye mteremko usilaze tepu juu ya ardhi. Ivute ikiwa sawa kama maji, vipande vifupi vifupi, na timazi ya kamba na jiwe ikuonyeshe kipande kilipoishia. Mteremko wa digrii 20 unafanya mita 60 za mlalo zisomeke karibu mita 64 tepu ikifuata ardhi, na tofauti hiyo ndiyo inayowagombanisha watu baadaye. Ukishindwa kabisa kupima mlalo, andika wazi kwamba kipimo kimefuata ardhi.

Maelezo yenyewe yaanze na mambo ambayo mchoraji anayahitaji kabla ya mstari wa kwanza: kaskazini iko upande gani wa karatasi, skeli ni ipi, kona ni ngapi, na tunazunguka kuelekea wapi. Kisha tembea mpaka, kona hadi kona, mpaka urudi ulipoanzia. Huu ni mfano wa shamba la viazi na parachichi:

"Kaskazini iko juu ya karatasi. Sentimita 1 ni mita 10. Shamba lina kona nne, A, B, C na D, tukizunguka kwa kufuata mishale ya saa. Vipimo vyote ni vya mlalo. Pembe zote ni za ndani ya shamba.

Kona A iko magharibi kabisa ya shamba, ni jiwe kubwa kando ya barabara ya kijiji. Kutoka A, uelekeo wa digrii 70, mita 80 hadi kona B, mti wa mwati. Upande huu wote umepakana na barabara. Kutoka B, digrii 160, mita 60 hadi kona C, kigingi cha mbao. Nje ya upande huu ni shamba la jirani wa kwanza. Kutoka C, digrii 250, mita 60 hadi kona D, jiwe. Nje yake ni ardhi ya kijiji inayoshuka hadi kijito. Kutoka D, digrii 322, mita 63, tunarudi A. Nje yake ni shamba la jirani wa pili. Pembe: A ni 72, B ni 90, C ni 90, D ni 108."

Kwenye ukurasa wako, mahali pa "jirani wa kwanza" weka jina lake kamili. Digrii za uelekeo zinahesabiwa kutoka kaskazini kwa mzunguko wa saa: mashariki ni 90, kusini 180, magharibi 270. Usiandike "kulia" wala "kushoto", maana kulia kwako ukiwa barabarani ni kushoto kwa aliyesimama kijitoni.

Mishale ndiyo inayosahaulika zaidi. Kila mshale useme mambo matatu: unaanzia wapi, unaishia wapi, na unaonyesha nini. Kuandika "kuna mshale unaoelekea chini" hakusaidii, kwa sababu msomaji hajui kama ni chini ya karatasi au bondeni. Shamba letu lina mishale mitatu mbali na ule wa kaskazini, na inaandikwa hivi:

"Mshale wa kwanza unaanzia katikati ya upande AB na kuelekea upande CD, unaonyesha ardhi inakoteremkia. Mshale wa pili, wenye ncha pande zote mbili, ni njia ya miguu yenye upana wa mita 1.5. Unaanzia kwenye AB, mita 50 kutoka A, na kutokea kwenye CD, mita 30 kutoka C; majirani wanaitumia kwenda kuchota maji. Mshale wa tatu uko nje ya shamba, juu ya mstari wa kijito, ukitoka upande wa C kwenda upande wa D; unaonyesha maji yanakotiririkia. Kutoka C hadi ukingo wa kijito ni mita 75. Kutoka D ni mita 68."

Neno "ukingo" lisikose hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au kijito, kwa hiyo kipimo cha kutoka katikati ya maji kinaweza kuficha tatizo. Njia ya miguu nayo usiiache eti kwa kuwa iko ndani ya shamba lako: ikiachwa, jirani ana haki ya kusimama kikaoni na kupinga.

Sasa jaribu. Mpe maelezo mtu ambaye hajauona mchoro, pamoja na rula, kipimapembe na karatasi tupu. Mstari wake wa mwisho lazima uishie kwenye A. Ukipishana kwa milimita 2 au 3, yaani mita 2 au 3 shambani, ni makosa ya kawaida ya dira. Ukiishia mbali, tafuta kwanza uelekeo uliosomwa kinyume. Aliyesimama D akaitazama C anasoma 70 badala ya 250, na mchoraji anautoa upande wa CD nje kabisa, kuelekea kwa jirani wa kwanza. Ukaguzi wa pili ni wa pembe: za ndani kwenye shamba la kona nne zijumlishe 360, na hapa 72, 90, 90 na 108 zinafika. Aliyepima pembe ya nje pale D ataandika 252 na jumla itamkataa. Mwisho angalia eneo: AB na CD ziko sambamba, kwa hiyo 80 jumlisha 60, gawa kwa 2, zidisha kwa 60, unapata mita za mraba 4,200, ekari moja na kidogo. Kama kwenye fomu umejaza ekari mbili, rekebisha kabla mjumbe hajakuuliza.

Vijiji vingi vya Iringa na Mbeya vimepimwa kwa vifaa vya satelaiti, na vipimo vya wapimaji ndivyo vitakavyoingia kwenye hati. Maelezo yako yanawasaidia kujua kona ipi ni ipi na njia inapita wapi. Hayachukui nafasi ya upimaji.

Majirani wakisaini mchoro, wasaini na ukurasa wa maelezo, kisha vyote viingie kwa mtendaji pamoja na fomu. Halmashauri ya kijiji inapaswa kuamua ndani ya siku 90 tangu maombi yawasilishwe, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa hiyo bakiza nakala yako yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa.