SOMO: Kukata utambulisho wa mgeni mzungumzaji ratiba ikichelewa na umepewa dakika moja

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, na karibu kila mara muulizaji amebakiwa na dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Naliandika mara moja ili nisilirudie. Hali yenyewe ni hii: umeandaa utambulisho wa dakika nne, ratiba imechelewa, na mratibu anakuinamia na kukunong'oneza, "Una dakika moja."

1. Muulize kama dakika hiyo inahesabu pia kutembea hadi kwenye kipaza sauti na makofi. Kwa kawaida inahesabu.

2. Toa kalamu. Kata kwenye karatasi, si kichwani ukiwa umeshasimama mbele ya watu.

3. Zungushia duara vitu vitatu: jina na cheo cha sasa cha mgeni, mada yake, na sababu moja inayomfanya afae kuizungumzia mbele ya watu hawa.

4. Futa yote yasiyo na duara, ukianzia juu.

Hapa niliwahi kuharibu, kwa hiyo someni polepole. Nilikuwa na karatasi ya aya tano. Nilipoambiwa dakika moja, nikaona aya mbili za kwanza zinatosha, nikapiga mstari tatu za mwisho. Nikasoma shule alizopitia mgeni na kazi yake ya kwanza, nikaketi. Mada ilikuwa aya ya tano. Cheo chake kipya nacho kilikuwa humo humo. Mgeni alipopanda alilazimika kueleza yeye ni nani na amekuja kusema nini, na muda huo ulitoka kwenye muda wake, ambao nao ulikuwa umeshapunguzwa. Nilimwona akiruka kurasa zake.

Kosa lile linatokana na mazoea ya habari za gazeti. Habari huweka jambo kubwa juu, ndiyo maana mhariri akikosa nafasi hukata kuanzia chini bila hasara. Utambulisho hujengwa kinyume: unaanza mbali, unapanda, na kilele chake ni mada na jina. Ukikata chini umekata kichwa.

Tahadhari mbili. Kwanza, ukishafuta, tafuta maneno yaliyobaki yatima. "Huko ndiko alikoanzisha mafunzo ya usiku": huko wapi, kama sentensi iliyotaja mahali umeifuta? Pili, usibakize orodha kwa kuifupisha. Shahada tatu zikisomwa haraka bado ni orodha, na hakuna anayeikumbuka. Chagua jambo moja ulitaje kikamilifu.

Tuchukue mfano. Mgeni ni afisa mstaafu wa zimamoto, wasikilizaji ni walezi wa mabweni ya shule, mada ni usalama wa moto usiku. Karatasi ina salamu na shukrani, kisha elimu na kozi zake, vyeo alivyopanda, tuzo na kamati, na mwisho mada na jina. Vyeo na tuzo ni vya heshima, lakini mlezi wa bweni anataka kujua kitu kimoja: huyu amewahi kuyaona tunayoyaogopa? Katikati ya aya ya vyeo kuna nusu sentensi inayosema alikagua mabweni baada ya moto. Hiyo ndiyo ya kuzungushia duara. Kinachobaki:

"Ndugu walezi, kila bweni lina mlango tunaoamini utafunguka usiku. Mgeni wetu ametumikia zimamoto kwa miaka 31, na amekagua mabweni baada ya moto kuzimwa, akaona milango ambayo haikufunguka. Leo atatuonyesha ya kukagua kabla wanafunzi hawajalala. Tumpokee Kamanda mstaafu..." na jina lake.

Hayo hayafiki maneno 50. Mimi nikisoma kwa utulivu mbele ya watu, dakika moja hubeba maneno 100 hivi, kwa hiyo nimebakiza nafasi ya kutembea, kutulia na kupigiwa makofi. Jina limekaa mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalowaambia watu wapige makofi.

5. Salamu iwe moja. "Itifaki imezingatiwa" inatosha. Usiombe radhi kwamba unafupisha wasifu. Radhi hiyo inakula sekunde na kuwaambia watu kuna kitu wamenyimwa.

6. Isome mara moja kwa sauti ya chini ukitazama saa. Ikizidi, kata tena.

7. Mnong'oneze mgeni: "Nimefupisha, nitataja kazi yako ya ukaguzi tu. Kuna jambo lisilofaa kukosekana?" Wakati mwingine hotuba yake inaanza kwa kurejelea kitu ulichokifuta.

MASWALI

Mzee wa Ratiba: Kwa nini nisisome tu yote kwa kasi?

Mwandishi: Dakika nne haziingii kwenye moja kwa kasi yoyote. Hatua ya 4.

Kipaza: Mimi husema "mgeni wetu hahitaji utambulisho" na kumwita. Sekunde tano, kazi imekwisha.

Mwandishi: Na aliyekaa nyuma asiyemjua anabaki hamjui. Kama zimebaki sekunde tano kweli, sema cheo, jina na mada. Zinaingia.

Mshereheshaji Mpya: Mgeni amenipa wasifu alioandika mwenyewe na kuomba usibadilishwe. Nitaukataje bila kumvunjia heshima?

Mwandishi: Swali zuri, nalo hutokea sana. Usiukate peke yako. Mpelekee karatasi na kalamu, umwambie: "Tumepewa dakika moja. Nichagulie sentensi mbili unazotaka zisikike." Akichagua mwenyewe hatakuwa na kinyongo. Asipopatikana, chukua sentensi zake zinazogusa mada na uzisome kama zilivyo, bila kuongeza sifa zako. Kuacha sentensi ya mtu ni jambo moja. Kumbadilishia maneno ni jingine. Wasifu kamili mkabidhi mratibu, huenda ukachapishwa au kubandikwa mlangoni.

Kipaza: Sikusema simheshimu mgeni, nilisema naokoa muda.

Mwandishi: Nami nimekupa njia ya kuuokoa bila kumpoteza msikilizaji.

Lugha Mbili: Kukiwa na mkalimani anayefuatisha baada ya kila sentensi?

Mwandishi: Asante kwa kulikumbusha, nililisahau kwenye somo. Dakika yako inakuwa nusu, maana kila unachosema kinasemwa mara mbili. Lenga maneno 40 na sentensi fupi. Mwonyeshe mkalimani karatasi baada ya kukata, si kabla. Akiwa na nakala ya zamani atasubiri sentensi ambazo hazitakuja. Ukiwa na wageni watatu wa jopo, taja mada mara moja kwa wote, kisha jina na jambo moja kwa kila mtu.

Lugha Mbili: Nami huandika jina la mgeni upya chini ya karatasi kwa herufi kubwa, nikiligawa kwa silabi. Karatasi iliyojaa mistari ya kufuta inachanganya macho.

Mwandishi: Fanyeni hivyo. Na kama ukurasa umechafuka kabisa, geuza upande wa pili na uandike upya sentensi zako tatu au nne. Inachukua dakika mbili, na unaweza kuzipata wakati mzungumzaji aliyetangulia anajibu maswali.