Somo: Kuthamini mkataba wa fowadi wa fedha za kigeni mwisho wa mwaka

Kuna kosa ninalokutana nalo kila msimu wa kufunga hesabu. Mhasibu anachukua kiwango cha kubadilisha fedha cha tarehe 31 Desemba, anakitoa kwenye kiwango cha mkataba, anazidisha na kiasi, kisha anaandika jibu kwenye leja. Tatizo ni kwamba mkataba wenyewe haukamiliki siku hiyo. Unakamilika miezi kadhaa mbele, na soko lina kiwango chake kwa siku hiyo ya mbele.

Tufuate mfano mmoja mpaka mwisho. Kampuni inatunza vitabu vyake kwa dola. Tarehe 1 Novemba inakubaliana na benki kununua euro 500,000 tarehe 31 Machi kwa kiwango cha dola 1.1000 kwa kila euro. Siku hiyo ikifika italipa dola 550,000, soko liwe limepanda au limeshuka. Mwaka wake wa hesabu unaisha 31 Desemba.

Hatua ya 1: Siku ya kusaini

Huandiki kitu kwenye leja. Kiwango cha 1.1000 ndicho soko lilichotoa siku ile kwa tarehe ile, hivyo hakuna aliyemzidi mwenzake na thamani ya mkataba ni sifuri. Wapo wanaoingiza dola 550,000 pande zote mbili. Hapo mizania inavimba kwa mali na deni ambavyo bado havipo. Weka tu kumbukumbu kwenye rejista ya mikataba: kiasi, kiwango, tarehe ya kukamilisha na jina la benki. Rejista hiyo ndiyo itakayokuokoa Desemba, kwa sababu mkataba usio na ingizo kwenye leja ni rahisi sana kusahaulika.

Hatua ya 2: Tafuta kiwango sahihi cha 31 Desemba

Jiulize hivi: kama ningesaini leo mkataba mpya wa kununua euro hizo kwa tarehe ile ile ya 31 Machi, ningepewa kiwango gani? Usitafute fowadi ya miezi mitano kama ilivyokuwa mwanzoni. Zimebaki siku 90, basi tafuta ya siku 90.

Kama huna nukuu ya soko, unaweza kuikokotoa kutokana na kiwango cha papo hapo na riba za sarafu mbili. Tuseme kiwango cha papo hapo ni 1.1150, riba ya dola ni 5% kwa mwaka na ya euro 3.2%:

```
=1.1150*(1+5%*90/360)/(1+3.2%*90/360)
```

Jibu ni 1.1200. Fowadi imekuwa juu ya kiwango cha papo hapo kwa sababu riba ya dola ni kubwa kuliko ya euro. Ukipata jibu lililo chini ya 1.1150 ujue umepachika riba kinyume.

Hatua ya 3: Kokotoa thamani

Euro ambazo soko linaziuza kwa 1.1200, wewe utazipata kwa 1.1000. Umeokoa senti 2 kwa kila euro, yaani dola 10,000. Ila faida hiyo utaipata 31 Machi, si leo, kwa hiyo ipunguze kwa riba ya dola ya siku 90:

```
=(1.1200-1.1000)*500000/(1+5%*90/360)
```

Thamani ya haki ni dola 9,876.54. Aliyetumia kiwango cha papo hapo angepata dola 7,500 tu, na pengo la zaidi ya dola 2,300 si la kufumbiwa macho. Kama kampuni ingekuwa inauza euro badala ya kununua, tofauti ingegeuzwa: kiwango cha mkataba kutoa kiwango kipya cha fowadi, na hapa ingekuwa hasara.

Hatua ya 4: Ingizo la 31 Desemba

Debiti: Mali, mikataba ya fowadi 9,876.54
Krediti: Faida ya mikataba ya fowadi 9,876.54

Krediti inaingia kwenye taarifa ya faida na hasara ya mwaka huu, ingawa hakuna senti iliyopokelewa. Ndivyo IFRS 9 inavyotaka kwa mkataba usiowekwa kwenye uhasibu wa kinga. Ingekuwa hasara, ungedebiti hasara na kukrediti dhima.

Hatua ya 5: Siku ya kukamilisha

Tuseme 31 Machi euro imeporomoka hadi 1.0900. Sasa unalipa 1.1000 kwa kitu cha 1.0900, na mkataba umegeuka kuwa dhima ya dola 5,000. Thamani imetoka 9,876.54 juu ya sifuri hadi 5,000 chini yake, kwa hiyo hasara ya mwaka mpya ni dola 14,876.54:

Debiti: Hasara ya mikataba ya fowadi 14,876.54
Krediti: Mali, mikataba ya fowadi 9,876.54
Krediti: Dhima, mikataba ya fowadi 5,000.00

Kisha fedha zinabadilishana mikono:

Debiti: Akaunti ya benki ya euro (500,000 kwa 1.0900) 545,000
Debiti: Dhima, mikataba ya fowadi 5,000
Krediti: Akaunti ya benki ya dola 550,000

Jipime: faida ya 9,876.54 ukitoa hasara ya 14,876.54 inabaki hasara ya 5,000, sawasawa na ulichopoteza maisha yote ya mkataba. Isipolingana, rudi nyuma utafute.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Benki imetuletea taarifa ya thamani ya mkataba wetu wa 31 Desemba. Si tuitumie tu?

Jibu: Itumie, lakini soma kwanza imeandikwa kwa upande wa nani. Mwaka mmoja nilipokea taarifa yenye alama ya kutoa, nikaandika hasara. Kumbe benki ilionyesha hasara yake yenyewe, na kwetu ilikuwa faida. Kosa kama hilo huhesabika mara mbili: kwenye mfano wetu faida ya mwaka ingepungua kwa dola 19,753.08. Kokotoa yako kando. Jibu likikaribiana na la benki lakini alama zinapingana, umeshajua kilichotokea.

Swali: Mkuu, sisi tayari tuna ankara ya euro 500,000 ya kulipwa Machi. Kwa kuwa tumeshafunga kiwango, tuiandike kwa 1.1000?

Jibu: Hapana ndugu. Kwa IAS 21 ankara inathaminiwa kwa kiwango cha papo hapo cha kufunga mwaka, 1.1150, yaani dola 557,500. Kama iliingia kwa 1.1050, una hasara ya dola 5,000 kwenye ankara, na faida ya fowadi inakaa upande wa pili kwenye taarifa hiyo hiyo. Usishangae zisipofutana kabisa: moja inafuata kiwango cha papo hapo, nyingine inafuata fowadi.

Swali: Bidhaa zetu tutazinunua Machi, bado hakuna ankara. Faida inaonekana mwaka huu na gharama mwakani. Tunaweza kuihamisha?

Jibu: Kwa uhasibu wa kinga, ndiyo. Sehemu ya faida inayokinga kweli ununuzi ule inapelekwa kwenye mapato mengine ya jumla, inakaa kwenye akiba ya kinga, kisha inaingizwa kwenye gharama ya bidhaa zikinunuliwa. Lakini hati inayotaja mkataba, ununuzi unaokingwa na jinsi kinga itakavyopimwa lazima iwepo tangu siku kinga inapoanza. Ukiiandika Januari na kuipa tarehe ya Novemba, umeghushi. Kama hati haipo, faida ya mwaka huu inabaki pale ilipo.