Kukaa saa tatu kwenye mechi ya baridi: koti la kutembelea halitoshi

Ndugu zangu wa Goma mlioko Kanada na Ulaya, nawaandikia juu ya mechi za nje wakati wa baridi, maana wengi wetu tunaendaga uwanjani na koti lile lile la kwendea kazini halafu hafutaimu haijafika mtu anatetemeka mpaka meno yanagongana, anasema koti ni baya. Koti si baya. Ni koti la mtu anayetembea. Ukitembea haraka mwili unatengeneza joto kama mara tatu au zaidi kuliko ukikaa, kwa hiyo yule anayekimbilia basi anasaidiwa na miguu yake, lakini wewe ukishakaa kwenye kiti moto mpya unaokuja ni kidogo tu, kazi yako ni kutunza ule ulio nao. Mwenye alishapanda Nyiragongo anajua hii: unatoka Kibati unapanda na jasho, nguo nyepesi inatosha kabisa, kisha unafika juu kwenye mita 3,470, unakaa kuangalia shimo, na baada ya muda kidogo tu unatafuta kila nguo iliyo ndani ya begi.

Chukua mechi ya Kanada na Meksiko, Edmonton, tarehe 16 Novemba 2021, uwanja wazi, baridi ya kama digrii 9 chini ya sifuri. Dakika 90, mapumziko 15, weka na foleni ya kuingia na kungoja mechi ianze, unapata saa tatu bila kutembea. Mtu wa pale angevaa hivi: kwenye ngozi nguo ya kubana ya sufu au polista, juu na chini, siyo pamba, maana pamba inashika jasho na inakaa na majimaji. Halafu sweta nzito, na juu yake koti la kuvimba linalofika mapajani, saizi moja zaidi ili sweta isibanwe, maana kinachokupasha ni hewa iliyotulia ndani ya nguo, ukiibana imeisha. Suruali mbili. Watu wanajaza nguo kifuani wanasahau mapaja, na mapaja ndiyo yanakaa wazi kwa upepo mechi nzima, hapo blanketi ya kufunika magoti inasaidia sana.

Sasa kiti, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Hata koti la bei kali, ukilikalia manyoya ya ndani yake yanalala bapa na baridi ya plastiki, chuma au simenti inapita moja kwa moja. Tafuta mkeka wa mazoezi wa sponji ngumu, ile isiyonywa maji, unene sentimita moja au zaidi, kata vipande viwili: kimoja cha kukalia, kingine cha kukanyagia. Sponji ya godoro usilete, inabonyea na inanyonya maji. Kile cha miguuni wengi wanakionaga kama upuuzi, lakini simenti inavuta joto kwenye soli muda wote, na vidole vya miguu ndivyo vinaanza kuuma. Viatu viwe na soli nene na nafasi ya kuchezesha vidole, na soksi moja nene ya sufu, siyo tatu ndani ya kiatu kilichobana, hapo unazuia damu na miguu inazidi kuganda. Mikono, vaa glovu nyembamba kisha juu yake zile zinazokusanya vidole vyote pamoja.

Usivae vyote tangu nyumbani. Tembea koti limefunguliwa, sweta mkononi, ukifika kwenye kiti vaa hapo hapo kabla hujasikia baridi, maana ukiingia na jasho litakupoza kipindi chote cha pili. Na uliza mapema saizi ya begi wanayoruhusu, viwanja vingi vinakataa makubwa, basi blanketi ibebe mkononi.

Kwa walioko Ubelgiji ni tofauti kidogo, digrii 3 na mvua ndiyo shida. Manyoya ya bata yakilowa yanashikana na hayapashi tena, kwa hiyo chukua koti la nyuzi za kutengenezwa na juu yake koti la mvua lenye kofia, siyo mwavuli maana unaziba walio nyuma.

Pombe iache mpaka urudi, inaleta damu kwenye ngozi, unasikia joto wakati mwili unapoteza. Na mtoto uliyempakata muangalie zaidi, wewe unaruka goli likiingia, yeye hasogei. Mtu akianza kuongea kwa kuvuta maneno, anashindwa kufunga zipu, au alikuwa anatetemeka akaacha bila kupashwa, usingoje filimbi ya mwisho: mpeleke ndani, mvue vilivyolowa, mfunike, na piga hapo hapo 911 kule Kanada, 112 Ulaya.