Somo: Kutafsiri sala ya Kifaransa iwe sala ya kusalika kwa Kiswahili

Somo hili linahusu sala fupi ya kukusanya, ile ambayo kiongozi huisoma kwa niaba ya wote na waamini wakaijibu kwa Amina. Nimeichagua kwa sababu ni sentensi moja tu, na hata hivyo karibu kila kosa la mfasiri hujitokeza ndani yake. Mfano tutakaoufuata nimeutunga mwenyewe kwa mtindo wa sala hizo:

« Dieu de tendresse, toi qui n'abandonnes jamais ceux qui t'invoquent, daigne regarder tes enfants ici rassemblés, ouvre nos cœurs à ta parole, afin que, rendus dignes par ta grâce, nous te servions d'un cœur sans partage. Par Jésus-Christ, ton Fils, notre Seigneur. Amen. »

Anayefuata Kifaransa neno kwa neno ataandika hivi: "Mungu wa upole, wewe ambaye haachi kamwe wale ambao wanakuita, kubali kutazama watoto wako waliokusanyika hapa, fungua mioyo yetu kwa neno lako, ili, tukiwa tumefanywa wastahili na neema yako, tukutumikie kwa moyo bila kugawanya." Maana karibu yote imo, lakini hakuna atakayeinamisha kichwa akiisikia.

Hatua ya kwanza ni kuigawa sala katika viungo vyake kabla ya kutafsiri neno lolote. Kuna mwito (Dieu de tendresse), kuna sifa ya Mungu inayoupa mwito huo msingi (toi qui…), kuna ombi lenyewe (daigne… ouvre…), kuna kusudi la ombi (afin que…), na mwisho kuna hitimisho. Kiswahili cha ibada kina viungo hivihivi, kwa hiyo kazi ni kukipa kila kiungo vazi ambalo waamini wamelizoea.

Hatua ya pili ni mwito na sifa. Mwito uanze na "Ee". Kwa neno tendresse usikimbilie "upole", kwa kuwa upole wa Kiswahili ni hasa kutokuwa mkali, ilhali hapa yazungumzwa mapendo ya mzazi kwa mtoto wake. Zaburi 103:8 inasema Bwana "amejaa huruma na neema", nasi tukichota humo tunapata "Ee Mungu uliyejaa huruma", maneno ambayo sikio la msharika linayatambua mara moja. Baada ya hapo, toi qui isiwe "wewe ambaye". Kitenzi chenyewe kinaweza kubeba nafsi ya pili na urejeshi kwa pamoja: uliyeumba, unayetulinda, usiyewaacha. "Ambaye haachi" kimeteleza hadi nafsi ya tatu, na hapo anayesali ameacha kusema na Mungu, ameanza kumsimulia. Vivyo hivyo "wale ambao wanakuita" hufupika kuwa "wakuitao", umbo ambalo katika mazungumzo ya kila siku lingesikika la kale, lakini katika sala liko nyumbani kwake.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kifaransa humwomba Mungu kwa kitenzi cha kuamuru: ouvre, donne, regarde. Kiswahili nacho kina amri, "fungua", lakini hiyo ndiyo tunayomwambia mtoto aliye karibu na mlango. Mbele ya Mungu tunatumia umbo la kutaka lenye kiambishi cha mtenda: utupe, utusamehe, uifungue mioyo yetu. Pitia rasimu yako ukiwa na kalamu, upige mstari chini ya kila kitenzi cha ombi. Kisichoanza na u- kitazame tena. Neno daigne nalo husahaulika kwa sababu halina mwenzake mmoja, na "kubali" linamfanya Mungu aonekane kama mtu anayebembelezwa. Andika "upende kuwaangalia wana wako".

Hatua ya nne ni kusudi, na hapa teolojia inaweza kuharibika kimyakimya. Rendus dignes haimaanishi "tustahili", kwani hilo laweza kusikika kana kwamba stahili ni yetu wenyewe. Kifaransa kimetumia hali ya kutendwa makusudi, nacho Kiswahili kina "kustahilishwa", neno linalomwacha Mungu awe ndiye mtenda.

Baada ya hatua hizo tunafika hapa:

"Ee Mungu uliyejaa huruma, usiyewaacha kamwe wakuitao, upende kuwaangalia wana wako waliokusanyika mahali hapa. Uifungue mioyo yetu ipate kulipokea neno lako, ili, tukiisha kustahilishwa kwa neema yako, tukutumikie kwa moyo usiogawanyika. Kwa njia ya Yesu Kristo, Mwanao, Bwana wetu. Amina."

Mnaona kwamba nimeikata sentensi mara moja, baada ya "mahali hapa". Pumzi ya msomaji ndiyo iliyoamua. Hitimisho, kwa upande mwingine, usilitafsiri kabisa, bali nakili lile ambalo kanisa lako hulitumia, herufi kwa herufi. Niliwahi kuandika "kwa Yesu Kristo Mwana wako ambaye ndiye Bwana wetu", msomaji akamaliza, na waamini wakabaki kimya wakisubiri sala iendelee. Hawakuwa wamesikia ishara ya kujibu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nina kitabu cha zamani ambamo Mungu anaitwa vous badala ya tu. Je, niandike "ninyi" ili kuitunza heshima hiyo?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Vous hiyo ni ya heshima, wala si ya wingi. Katika Kiswahili "mliosema" itamaanisha kwamba unaomba miungu zaidi ya mmoja. Andika "uliyesema", na heshima uiweke katika "Ee" na katika vitenzi vya u-.

Swali: Mahubiri ninayoyatafsiri yananukuu Psaume 22, « Le Seigneur est mon berger », lakini Zaburi ya 22 katika Biblia yetu ni nyingine kabisa. Nani amekosea?

Jibu: Hakuna aliyekosea. Vitabu vya liturujia vya Kikatoliki vya Kifaransa hufuata hesabu ya Kigiriki, ambayo kwa sehemu kubwa ya Zaburi iko nyuma kwa namba moja. Tafuta Zaburi ya 23, "Bwana ndiye mchungaji wangu", na uandike namba ya Biblia ambayo wasikilizaji wako wameishika mkononi. Maneno ya nukuu pia uyachukue humo.

Swali: Mhubiri anaeleza kwa nini Wakatoliki wa Ufaransa walibadilisha Baba Yetu mwaka 2017, kutoka « ne nous soumets pas à la tentation » kuwa « ne nous laisse pas entrer en tentation ». Niisahihishe na sala yetu?

Jibu: Sala ya waamini usiiguse. Wanaosema "usitutie majaribuni" na wanaosema "usitutie katika kishawishi" waendelee na maneno yao. Katika mahubiri, weka sentensi moja ya kuwaelekeza: "Wasalio kwa Kifaransa walikuwa wakisema 'usitutie chini ya majaribu', na sasa wanasema 'usituache tuingie majaribuni'." Ukiiacha sentensi hiyo, hoja nzima ya mhubiri itaelea hewani.

Swali: Niandike Yesu Kristo au Yezu Kristu? Ufufuo au ufufuko?

Jibu: Fungua kitabu cha sala cha kanisa litakalosoma tafsiri yako, ufuate kilichomo. Ufufuko na waamini utavikuta zaidi kwa Wakatoliki, ufufuo na waumini kwa Waprotestanti. Kubaya ni kuchanganya yote mawili katika ukurasa mmoja.

Swali: « Mes bien chers frères et sœurs » nimeitafsiri "kaka na dada zangu wapendwa sana". Mzee wa kanisa amecheka.

Jibu: Amecheka kwa haki. "Ndugu zangu wapendwa" inawatosha wanaume na wanawake.